Kufupisha karatasi ya dawa bila ya kuibadilisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka nilikaa dirisha la dawa hapa Pemba, na tangu niondoke watu hawajaacha kunitumia picha za ile karatasi nyembamba inayokunjwa mara nane ndani ya boksi. Wanataka kitu kimoja: "Nifupishie, bibi asome." Wengine wanafupisha wenyewe, halafu wananiuliza kama wamepatia. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyajibu hapa kwa kutumia dawa moja tu, mseto wa malaria unaoitwa ALu, yaani artemetha na lumefantrini. Nimeichagua kwa sababu karatasi yake ina karibu kila mtego ambao Kiswahili chetu kinaweza kumtegea mwandishi wa muhtasari.

Kwa nini ALu, wakati hospitali zetu zinatoa mseto mwengine?

Ni kweli. Zanzibar ilianza kutumia artesuneti na amodiakwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2003, na Bara ikaanza kutumia ALu miaka michache baadaye. Ndiyo maana karatasi ya ALu hutufikia kwa boti. Mtu anapimwa Tanga au Dar, anapewa dawa, anameza mara mbili huko, kisha anapanda boti kurudi nyumbani na vidonge vilivyobaki ndani ya mkoba. Akifika Pemba, anayemuuguza hakumsikia yule aliyetoa dawa akieleza. Alichonacho ni karatasi tu, na mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza chembamba kama sisimizi.

Jambo la kushika mapema: hizi ni dawa mbili tofauti. Mseto wetu humezwa mara moja kwa siku kwa siku tatu, na ALu haimezwi hivyo. Anayeandika muhtasari wa ALu huku akikumbuka mseto aliowahi kupewa Chake Chake ataandika kipimo kisichokuwamo kwenye karatasi aliyoishika mkononi. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

Nianze wapi? Karatasi ni ndefu mno.

Anza na boksi kabla ya karatasi. Nakili jina la dawa herufi kwa herufi kama lilivyochapishwa (hapa nimetumia tahajia ya Kiswahili kwa sababu haya ni maelezo tu, kwenye muhtasari wa mgonjwa andika kama boksi lilivyoandika, ili vilinganishwe). Kisha nakili nguvu ya kidonge.

Nguvu ya kidonge ndiyo inayorukwa zaidi kuliko chochote. Kidonge cha ALu kilichozoeleka kina artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Lakini kipo pia cha 80 na 480, ambacho kimoja chake ni sawa na vinne vya kile cha kwanza. Karatasi ya kidonge kidogo inaposema mtu mzima ameze vidonge 4, hiyo 4 ina maana ya vidonge 4 vya 20/120. Ukiandika "mtu mzima vidonge 4" bila ya nguvu yake, muhtasari ukahamia nyumba ya jirani mwenye kidonge kikubwa, basi umemwandikia kipimo mara nne. Hukubadilisha hata tarakimu moja, na bado umebadilisha dawa.

Baada ya hapo tafuta mambo manne ndani ya karatasi: inatibu nini, inamezwaje, inaweza kuleta madhara gani, na inamwonya nani. Sehemu za jinsi dawa inavyosafiri mwilini, anwani ya kiwanda na rangi ya kidonge unaweza kuziacha. Orodha ya viambato vyengine nayo naiacha, ila naandika kuwa imo kwenye karatasi, kwa sababu mtu mwenye mzio anaweza kuihitaji.

"Inatibu malaria" haitoshi?

Haitoshi. Karatasi inasema malaria ya falsiparamu isiyo kali, kwa watu wazima na watoto wenye uzito wa kilo 5 na kuendelea. Inaendelea kusema kuwa dawa hii si ya malaria kali, ile iliyofika kwenye ubongo, mapafu au figo, wala si ya kujikinga. Ukikata hayo ukabakisha "inatibu malaria", mama mwenye mtoto aliyeanza degedege ataona dawa imo ndani, na mjomba anayesafiri kwenda Bara ataona afadhali ameze viwili kabla ya safari. "Si ya kali" na "si ya kujikinga" ni maneno machache. Yabaki.

Nimeandika "vidonge 3 kutwa mara mbili kwa siku tatu". Kuna kosa gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na muandikaji huwa ana uhakika kabisa kwamba amepatia. Hesabu yake ni sahihi: mara mbili kwa siku tatu ni mara sita, na ALu humezwa mara sita. Kilichopotea ni mpangilio wa siku ya kwanza.

Karatasi inasema hivi: meza mara ya kwanza, kisha mara ya pili baada ya masaa 8 tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ukihesabu tangu mwanzo, mara hizo sita huangukia saa ya 0, ya 8, ya 24, ya 36, ya 48 na ya 60. Kati ya ya kwanza na ya pili pana masaa 8 na si 12, kwa kusudi. "Kutwa mara mbili" imelainisha yote yakawa sawa, na yale masaa 8 yamezama.

Halafu kuna neno lenyewe "kutwa". Tumelizoea kwenye bahasha za dawa, 2x3, kutwa mara tatu, na vijana hulielewa kuwa ni siku nzima. Kwa wazee wetu, kutwa ni mchana, na usiku ni kucha. Bibi mmoja alinieleza bila ya wasiwasi wowote kuwa alimpa mjukuu asubuhi na alasiri kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Alisoma Kiswahili chake vizuri, na aliyekosea ni aliyeandika.

Kwa hiyo niandike "tena baada ya saa 8"?

Hapana! Hilo kosa nililifanya mimi mwenyewe. Niliandika muhtasari wa ALu kwa ajili ya mtoto wa jamaa yetu, na mstari wa pili ukasema "ampe tena baada ya saa 8". Mama yake alikuwa amempa mara ya kwanza saa 4 asubuhi. Ilipogonga saa 8 mchana, akampa tena. Yalikuwa yamepita masaa manne. Nilijua siku ile ile, shangazi yake aliponipigia: "Mwanangu, hii saa nane yako ni ya mchana au ya kuhesabu?" Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia apelekwe mtoto kwa mfamasia pamoja na boksi, na ratiba iliyobaki akaipanga yeye, si mimi.

Kwa Kiswahili "saa 8" ni wakati ulio kwenye saa ya ukutani, na pia ni muda wa kuhesabu. Walimu wa skuli hawapendi neno "masaa", na wana hoja zao za sarufi. Kwenye muhtasari wa dawa mimi naandika "masaa 8" bila ya haya, kwa sababu msomaji akiliona anajua papo hapo kuwa anahesabu. Au naandika "yakishapita masaa 8 tangu ile ya kwanza". Na kama najua mgonjwa alianza lini, sibakishi hesabu kwa mtu: naandika saa zenyewe, na sehemu ya siku. Saa 4 asubuhi, saa 12 jioni, saa 4 usiku.

Neno "dozi" nalo lina shida?

Lina shida kubwa zaidi kuliko yote. Kwenye karatasi ya Kiingereza, neno hilo lina maana ya kiasi unachomeza mara moja. Kwetu, dozi ni matibabu mazima: "umemaliza dozi?" "hakumaliza dozi, ndiyo maana imemrudia." Sasa soma onyo hili la ALu: mgonjwa akitapika ndani ya saa 1 baada ya kumeza, arudie kile kiasi. Fupisha kwa haraka na utaandika "akitapika ndani ya saa moja, arudie dozi". Msomaji wetu ataelewa aanze upya tangu mwanzo, vidonge vyote. Wala hakukosea, hivyo ndivyo dozi ilivyo mtaani.

Mimi situmii neno dozi kabisa kwenye muhtasari. Naandika "mara": mara ya kwanza, mara ya pili, hadi ya sita. Kwa kutapika naandika: "Akitapika kabla haijapita saa 1 tangu ameze, ampe tena vidonge vya mara hiyo tu." Na angalia, akirudia hivyo, vidonge vya pakiti havitatosha kufika mwisho, atahitaji vyengine kutoka anakopewa dawa. Sentensi hii ya mwisho haimo kwenye karatasi, kwa hiyo haikai kwenye muhtasari. Namwambia mtu kwa mdomo.

Jedwali la uzito ni refu. Niandike mistari yote?

Inategemea muhtasari unakwenda wapi. Ukibandikwa ukutani dukani, andika mistari yote minne. Ukimwandikia mgonjwa mmoja, andika mstari wake pekee, na juu yake uzito wake, ili atakayeuokota baadaye ajue haukuandikwa kwa ajili yake.

Mistari yenyewe, kwa kidonge cha 20/120, ni hii:

Kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1 kila mara, jumla 6.
Kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2 kila mara, jumla 12.
Kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3 kila mara, jumla 18.
Kilo 35 na kuendelea: vidonge 4 kila mara, jumla 24.

Maneno "chini ya" ndiyo yanayokatwa na wanaopenda ufupi. Wanaandika 15–25, kisha 25–35. Mtoto wa kilo 25 kamili yuko mstari upi? Kwenye karatasi jibu liko wazi, vidonge 3. Kwenye muhtasari huo yuko kwenye mistari miwili, na mama mwenye huruma atachagua ule mdogo. Dawa pungufu kwenye malaria ni vimelea vinavyobaki.

Jengine: karatasi inapima kwa kilo, usiigeuze kuwa miaka kwa sababu nyumbani hakuna mizani. Mtoto wa miaka saba wa Micheweni na wa miaka saba wa kwengine si lazima wawe na uzito mmoja. Akapimwe kituoni.

Nitajuaje kama kipimo nilichoandika hakijapotoka?

Zidisha. Vidonge vya kila mara, mara 6. Pakiti za ALu hutoka na vidonge 6, 12, 18 au 24, na muhtasari wako lazima uangukie kwenye moja ya namba hizo. Ukipata 9 au 15 umekosea pahala. Kisha hesabu masaa tangu mara ya kwanza hadi ya mwisho, yawe 60. Mimi hufanya hesabu hizi mbili kwa kalamu, hata kwa dawa ninayoijua kwa moyo, halafu nampa mtu mwengine asome muhtasari bila ya karatasi anieleze atampa mgonjwa lini na ngapi. Asipoweza, hauko tayari.

Karatasi inasema madhara fulani ni "ya kawaida sana". Nikiandika hivyo si ndivyo ilivyo?

Neno kwa neno ndivyo, lakini maana imegeuka. Kwetu, "ni kawaida" ni maneno ya kumtuliza mtu. "Mtoto anatapika." "Ah, kawaida hiyo." Karatasi haikusema usijali. Imesema ni wangapi huyapata. Maneno yale yana hesabu nyuma yake, na kwa karatasi nyingi hesabu hiyo imeandikwa kando: ya kawaida sana yanaweza kumpata zaidi ya mtu 1 kati ya 10, ya kawaida hadi mtu 1 kati ya 10, yasiyo ya kawaida hadi 1 kati ya 100, ya nadra hadi 1 kati ya 1,000.

Kwa hiyo ondoa sifa, andika hesabu. "Zaidi ya mtoto 1 kati ya 10 anaweza kupata: kikohozi, kutapika, kuumwa na kichwa, kuumwa na tumbo, kukosa hamu ya kula." Msomaji ataamua mwenyewe kama ni mengi au machache. Na "anaweza" ibaki, usiandike "atapata". Muhtasari unaosema "dawa hii inaleta kizunguzungu" umewafanya watu wenye akili zao kuziacha dawa dirishani.

Angalia pia kuwa karatasi hutenganisha watoto na watu wazima. Kwa watu wazima zinatajwa pia kizunguzungu, udhaifu wa mwili, maumivu ya viungo na ya misuli, moyo kudunda, na usingizi kuvurugika. Usichukue orodha ya wakubwa ukambandika mtoto.

Madhara ni mengi. Naruhusiwa kuyapunguza?

Unaweza kupunguza, kwa sharti mbili. La kwanza, kundi linaloambatana na amri ya kuacha dawa na kwenda hospitali haliguswi hata neno: vipele mwilini, kuvimba uso, midomo, ulimi au koo, shida ya kumeza au ya kupumua. La pili, ukiacha mengine, sema umeacha. "Karatasi inataja madhara mengine zaidi ya haya" ni sentensi fupi na ya kweli. Orodha iliyokatwa kimya kimya humfanya mtu aseme "hili halimo, basi si dawa", na huenda limo.

Kuhusu majina: kizunguzungu ni dunia kuzunguka, kusinzia ni usingizi, na hayo ni mambo mawili. Kichefuchefu si kutapika. Na vipele vya dawa usiviite harara, maana harara kila mtu anaijua, ni joto la mwezi wa pili, atapaka poda alale.

Sehemu ya maonyo naiandika vipi? Mimi nimeweka yote chini ya "Tahadhari".

Hapo umechanganya milango miwili. Karatasi ina "usitumie iwapo" na ina "mwambie daktari kabla ya kutumia iwapo". Ya kwanza ni mlango uliofungwa. Ya pili ni mlango wenye mlinzi: utapita, lakini uulizwe kwanza. Neno "tahadhari" linaigeuza milango yote kuwa nusu wazi.

Kwenye karatasi ninayoitumia, chini ya "usitumie" wamo wenye mzio wa artemetha au lumefantrini. Wenye malaria kali. Wenye tatizo la mapigo ya moyo, au ambao ndani ya familia yao kuna aliyekufa ghafla kwa tatizo hilo. Waliopungukiwa na potasiamu au magnesiamu mwilini. Na wanaotumia dawa fulani, zikiwamo rifampisini ya kifua kikuu, na kabamazepini na fenitoini za kifafa. Hizi dawa tatu ziandikwe kwa majina na kwa kazi yake. Mtu wa Wete mwenye kifafa huenda hajui kuwa anachomeza kila usiku ni kabamazepini, lakini anajua kuwa ni dawa ya kifafa.

Chini ya "mwambie daktari" kuna mambo kama maradhi mazito ya ini au figo na dawa za Ukimwi. Imo pia juisi ya balungi. Huku mabalungi yako uani, kwa hiyo mstari huo siuachi. Ila siuongezi: karatasi imetaja balungi, haikutaja ndimu wala chungwa, na mimi sitaji.

Wanaotumia vidonge au sindano za uzazi wa mpango wanaambiwa kuwa kinga hiyo inaweza kupungua nguvu. Nimeona mihtasari mingi ya wanaume ikiruka hapo.

Kuhusu mjamzito, karatasi yangu inasema tofauti na alivyoambiwa kliniki. Nifuate ipi?

Kwenye muhtasari, karatasi. Karatasi nyingi za zamani za ALu zinasema mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo asiitumie iwapo ipo dawa nyengine inayofaa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ALu kwa malaria isiyo kali hata katika miezi hiyo mitatu. Kwa hiyo mkunga aliyemwambia mama kuwa inafaa hakukosea, na wewe uliyenakili onyo hukukosea. Mnasoma maandishi ya miaka tofauti.

Usisahihishe karatasi ndani ya muhtasari. Ukianza kufanya hivyo, msomaji hatajua tena kipi ni cha kiwanda na kipi ni chako. Andika onyo kama lilivyo, na tarehe ya karatasi, ambayo huwa chini kabisa pamoja na jina la mtengenezaji. Kisha mama aende na boksi kwa aliyempa dawa.

Mgonjwa amefunga. Nimpangie saa za kufutari na daku?

Usipange. Kati ya magharibi na alfajiri hakuna nafasi ya kuweka ratiba ya karatasi bila ya kuivunja, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Hilo hahitaji kuambiwa na mwandishi wa muhtasari. Kama anasita, azungumze na tabibu na shehe wake.

Naweza kuongeza ushauri wangu, kama anywe uji wa moto?

Karatasi inasema imezwe pamoja na chakula au kinywaji chenye mafuta, kama maziwa, kwa sababu lumefantrini huingia mwilini vizuri zaidi hivyo. Sababu hiyo naibakisha, maana bila yake mtu humeza na chai ya rangi akahesabu kuwa amekula. Uji wa nazi, mwarobaini, habasoda na maji mengi ni vyako. Ukitaka kuvisema, sema kwa mdomo.

Tuoneshe basi mmoja uliokamilika.

Huu ni wa msichana wa kilo 27, alianza dawa Tanga Jumatatu saa 4 asubuhi, akafika Mkoani kesho yake. Boksi lilikuwa na vidonge 18.

*Kwa mgonjwa wa kilo 27 pekee. Artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120 katika kila kidonge. Umefupishwa kutoka kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Mtengenezaji na tarehe ya karatasi vimeandikwa nyuma.*

*Kazi yake: kutibu malaria ya falsiparamu isiyo kali. Si ya malaria kali, si ya kujikinga.*

*Kumeza: vidonge 3 kila mara, mara 6, jumla 18, pamoja na chakula au kinywaji chenye mafuta kama maziwa, ili dawa iingie vizuri.*
*Jumatatu saa 4 asubuhi (amekwishameza) na saa 12 jioni (amekwishameza).*
*Jumanne saa 4 asubuhi na saa 4 usiku.*
*Jumatano saa 4 asubuhi na saa 4 usiku.*
*Akitapika kabla haijapita saa 1 tangu ameze, apewe tena vidonge 3 vya mara hiyo tu. Asimeze maradufu kufidia aliyosahau.*

*Madhara: aache dawa na aende hospitali mara moja akipata vipele, akivimba uso, midomo, ulimi au koo, au akishindwa kumeza au kupumua. Zaidi ya mtoto 1 kati ya 10 anaweza kupata kikohozi, kutapika, kuumwa na kichwa, kuumwa na tumbo, kukosa hamu ya kula. Karatasi inataja mengine zaidi.*

*Asitumie iwapo: ana mzio wa dawa hii, ana malaria kali, ana tatizo la mapigo ya moyo au kuna aliyekufa ghafla kwa hilo katika familia, amepungukiwa na potasiamu au magnesiamu, anatumia rifampisini (kifua kikuu), kabamazepini au fenitoini (kifafa). Karatasi inataja dawa nyengine. Mwoneshe mfamasia kila anachotumia.*

*Amwambie daktari kwanza iwapo: ana maradhi mazito ya ini au figo, anatumia dawa nyengine yoyote, au anakunywa juisi ya balungi.*

Utaona sikuweka ujauzito wala uzazi wa mpango, kwa sababu mgonjwa ni mtoto wa miaka kumi na moja, na juu nimeandika ni kwa ajili yake pekee. Muhtasari wa ukutani ungekuwa navyo.

Na ile karatasi yenyewe, nitupe?

Irudishe ndani ya boksi, na muhtasari uukunje juu yake. Ikiwa dawa imekwisha na boksi limetupwa, tupa na muhtasari pia. Ule wa yule msichana niliukuta mwaka mmoja baadaye umebandikwa jikoni kwa bibi yake, ameutunza kwa gundi ya mkanda kabisa, tayari kwa mjukuu mwengine wa kilo kumi na mbili.